Silabi Iliyopotea: Kisa cha Manukuu ya Video ya Dumuzi

Ujumbe uliotulazimisha kuitazama upya kazi yetu ulikuwa wa sentensi moja. Kijana mmoja kiziwi, ambaye hununua mahindi vijijini na kuyauza kwa jumla, alikuwa ametazama video yetu ya kuhifadhi mahindi huku akisoma manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, kisha akatuandikia: "Mnasema mahindi yasiyokauka yafungwe kwenye mfuko, je, hayataoza?" Bibi shamba anayefundisha katika video hiyo alikuwa amesema kinyume chake. Alisema, tena kwa kutulia na kwa matamshi yaliyo wazi, kwamba mahindi yasiyokauka yasifungwe. Mashine iliyosikiliza sauti yake na kuiandika ilidondosha silabi moja tu, "si", na onyo likageuka kuwa maelekezo.

Video yenyewe ina urefu wa dakika 11 na sekunde 40, na tuliirekodi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Inaeleza jinsi ya kumzuia dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima wengi humwita Skania. Njia inayofundishwa ni ya mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana sana kama mifuko ya kinga njaa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusukwa nje. Ukishaufunga vizuri, wadudu waliomo huimaliza hewa ya oksijeni na kushindwa kuendelea kula na kuzaana. Lakini mfuko huohuo unaozuia hewa kuingia huzuia pia unyevu kutoka, na ndiyo maana sharti la kwanza ni kwamba mahindi yakauke kwanza. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na mlipuko wa sumukuvu iliyotokana na mahindi, na watu walikufa. Kwa hiyo silabi iliyodondoka haikuwa suala la ufasaha wa lugha.

Nikiri kwanza kosa letu wenyewe. Tulipoipakia video hiyo kwenye jukwaa la video mtandaoni, mipangilio ya akaunti ilikuwa imeachwa katika Kiingereza, na hakuna aliyekumbuka kubadili lugha ya video. Kwa wiki nzima ya kwanza mashine iliyasikiliza maneno ya Kiswahili kana kwamba ni ya Kiingereza, ikawa inatoa mfululizo wa maneno yasiyo na maana yoyote. Ajabu ni kwamba hali hiyo ilikuwa na nafuu yake, kwa sababu upuuzi ulio wazi haumdanganyi mtu. Msomaji huona mara moja kwamba manukuu hayafai na huyazima. Tuligundua, tukabadili lugha kuwa Kiswahili, mashine ikaandika upya, na mistari ya kwanza tuliyoisoma ilieleweka vizuri kiasi kwamba tuliridhika na kwenda kulala. Hapo ndipo hatari ilipoanza, kwa kuwa sasa manukuu yalikuwa na sura ya kuaminika.

Baada ya kupata ujumbe wa yule kijana tulikaa wawili, mmoja akisikiliza na mwingine akisoma, tukapima dakika mbili za katikati ya video. Katika dakika hizo bibi shamba alitamka maneno 214, na 61 kati ya hayo yaliandikwa vibaya, yaani zaidi ya robo. Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake haisemi mengi. Hotuba nzima ina maneno yapatayo 1,240. Hata kama mashine ingepatia asilimia 90, bado yangebaki makosa 124, wastani wa kosa moja kila baada ya sekunde tano au sita. Na jambo linaloamua madhara ni neno lipi limekosewa. Mashine ilikosea mara kadhaa katika "basi", "sasa" na "ndugu zangu", na hakuna aliyeumia. Ilikosea mara moja katika "yasifungwe", na kosa hilo moja lilizidi yote mengine kwa uzito.

Hapa Kiswahili kina tabia inayostahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayehariri manukuu. Ukanushaji wetu hausimami peke yake kama neno. Umejificha ndani ya kitenzi, mara nyingi kwa silabi moja fupi isiyobeba mkazo. Yafungwe na yasifungwe, utafungua na hutafungua, ikiganda na isipoganda: tofauti ni pumzi moja. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "si" ya "yasifungwe" hutamkwa haraka na kwa wepesi, hasa mtu akiwa nje penye upepo, na "hu" ya mwanzo wa sentensi humezwa na pumzi ya kuanzia kusema. Mtu anayesikia hujazia pengo hilo kwa muktadha, kwa uso wa msemaji na kwa mkono unaopungwa kukataza. Mashine huandika kile kinachofanana na ilichozoea kukutana nacho, na kwa bahati mbaya matokeo ya kudondosha silabi hiyo huwa ni neno kamili la Kiswahili sanifu, ambalo hakuna kikagua tahajia kitakachoweza kulipigia mstari mwekundu.

Tangu siku hiyo, utaratibu wetu wa kuhariri huanza na vitenzi. Mtu mmoja hupita video nzima akisikiliza vitenzi vya kukanusha tu, na kila anapokutana nacho hukisoma kwa sauti kama kilivyoandikwa. Kisha hupita tena akitafuta tarakimu na vipimo, na mara ya tatu majina ya vitu. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyotuonyesha kosa la pili lililokuwa na uzito kama lile la kwanza. Bibi shamba anafundisha kipimo cha chumvi: unatia chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza punje za mahindi hadi theluthi ya chupa, unafunga na kutikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Isipoganda, yanakaribia kufaa. Mashine iliandika "ikiganda" katika sehemu ya kwanza, na katika sehemu ya pili ikaandika "isi po ganda", vipande vitatu. Anayesikia hakuona tatizo. Anayesoma tu, tena kwa kasi ya maandishi yanayopita, alikuwa na sekunde mbili za kuviunganisha vipande hivyo kabla havijaondoka.

Wapo waliotushauri tuyahariri yaleyale manukuu ya mashine badala ya kuandika upya. Ushauri huo ni mzuri pale makosa yanapokuwa machache, kwa sababu mashine hupatia muda wa kuanza na kuisha kwa sentensi vizuri kuliko inavyopatia maneno. Sisi tulijaribu dakika tatu za mwanzo, tukaona kwamba makosa yakizidi kiasi fulani, jicho huanza kuyazoea na kuyapita. Unasoma "dume zee" huku masikio yakisikia "dumuzi", na akili inaridhika. Kwa hiyo tuliandika maneno yote upya kutoka kwenye sauti, tukachukua kwa mashine mgawanyo wa muda pekee, kisha tukaurekebisha katika Subtitle Edit, programu ya bure ambayo huonyesha mawimbi ya sauti chini ya maandishi. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu kwa watu wawili. Video ya kwanza huwa hivyo. Ya tatu tuliimaliza kwa saa moja na nusu, ingawa urefu ulikuwa ule ule.

Faili la manukuu lenyewe, au sabtaito kama wengi tunavyoziita, ni maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Tulichagua umbo la `.srt` kwa kuwa linapokewa karibu kila mahali. Kila kipande kina namba yake, kisha mstari wa muda, kisha maneno, kisha mstari mtupu unaokitenga na kinachofuata. Hivi ndivyo inavyosomeka sehemu iliyozua kisa hiki:

```
47
00:05:12,400 --> 00:05:15,900
Mahindi yasiyokauka
yasifungwe kwenye mfuko.

48
00:05:16,300 --> 00:05:18,600
[wadudu wanakwaruza
ndani ya gunia]
```

Kati ya sekunde na sehemu zake kuna mkato, si nukta. Umbo jingine linalotumika kwenye tovuti, la `.vtt`, hutaka nukta mahali hapo na neno `WEBVTT` katika mstari wa kwanza kabisa. Mtu akibadili jina la faili tu bila kubadili alama hizo, faili hukataliwa au huonyeshwa bila maneno. Tulikutana pia na kikwazo cha kitoto ambacho kilitupotezea nusu saa: Notepad ililihifadhi faili kwa jina `dumuzi.sw.srt.txt`, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeficha viambishi vya majina ya mafaili, sisi tuliliona kuwa sahihi huku jukwaa likilikataa.

Kipande cha 48 kinahitaji maelezo, kwa sababu katika manukuu ya mashine hakikuwepo kabisa. Katika video, bibi shamba anamaliza onyo hilo, ananyamaza, na mpiga picha anasogeza kipaza sauti kwenye gunia lililoachwa bila kinga. Kinachosikika ni mkwaruzo mkavu wa wadudu wakitafuna punje. Ni sehemu yenye nguvu kuliko zote kwenye video, na kwa mtu asiyesikia ilikuwa ni sekunde mbili za mwanamke aliyesimama kimya akitazama gunia. Mashine huandika maneno. Sauti nyingine huiruka, au huiita muziki. Manukuu yanayomtumikia kiziwi yanapaswa kubeba kila sauti inayobeba maana, na yaseme pia nani anazungumza pale msemaji asipoonekana. Kuna mkulima anayeuliza swali akiwa nyuma ya kamera katika dakika ya nane. Bila kuandika `MKULIMA:` mbele ya maneno yake, msomaji angedhani bibi shamba anajiuliza na kujijibu. Muziki wa mwanzo tuliuandika mara moja tu na kuuacha, na ndege wanaolia nyuma hatukuwataja kabisa, kwa kuwa hawahusiani na mahindi.

Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote, unaotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unaweka manukuu ya video zilizorekodiwa katika ngazi ya chini kabisa ya masharti, yaani ile ambayo usipoitimiza hakuna cha kujivunia, na shirika hilo linaeleza waziwazi kwamba manukuu ya mashine pekee hayatoshelezi sharti hilo mpaka mtu athibitishe kuwa ni sahihi. Sisi hatukuanza na mwongozo huo, tulianza na malalamiko. Lakini ulitusaidia kumjibu mwenzetu aliyeona kwamba tunapoteza muda kwa jambo ambalo "tayari lipo".

Jambo lililotusumbua zaidi ya tulivyotarajia ni urefu wa maneno yetu. Kanuni nyingi za manukuu zimetungwa kwa kuangalia lugha zenye maneno mafupi, na hupima kasi ya kusoma kwa idadi ya maneno kwa dakika. Neno moja la Kiswahili kama "watakapoyafungua" lina herufi kumi na sita na limebeba mtenda, wakati, na kitendwa. Ukilihesabu kama neno moja unajidanganya kuhusu kazi unayompa msomaji. Tulihesabu herufi. Tulijiwekea kikomo cha herufi 42 kwa mstari, mistari isiyozidi miwili, na herufi zisizozidi 17 kwa kila sekunde ambayo kipande kinakaa kwenye skrini. Kipande cha 47 hapo juu kina herufi 43 pamoja na nafasi, na kinakaa sekunde tatu na nusu, sawa na herufi 12 kwa sekunde, kasi ambayo hata mtu asiye msomaji hodari anaimudu. Jambo hilo lina maana hasa kwa viziwi wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha maandishi walikutana nacho baadaye shuleni. Manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani wa lugha ya alama, na hatukuwahi kudai hivyo.

Pale bibi shamba anapozungumza haraka, kikomo hicho kilitulazimisha kupunguza maneno. Tuliondoa "yaani", "sasa basi" na marudio ya papo kwa papo, lakini tulijiwekea mwiko mmoja: kitenzi kibaki kama kilivyotamkwa. Pia tulijifunza mahali pa kukata mstari. Ukiandika "mifuko ya" juu na "kinga njaa" chini, jicho linaachwa likining'inia kwenye "ya" isiyo na mwenyewe. Neno hilo linapaswa kushuka pamoja na linalolifuata. Ni jambo dogo, lakini kipande kilichokatwa vibaya husomwa mara mbili, na muda wa kusoma mara mbili haupo.

Tulipakia faili letu, tukalitazama mara moja, tukalitoa haraka. Neno "tukung'ute" katika sehemu inayoeleza kukung'uta magunia ya zamani lilikuwa limegeuka kuwa `tukungâ€™ute`. Aliyeandika sehemu hiyo alitumia simu, na kibodi ya simu ilikuwa imeweka alama ya ng' iliyopinda badala ya iliyonyooka. Alama iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8, na programu inayolisoma faili kana kwamba ni la usimbaji wa zamani wa Windows huonyesha kila baiti kama herufi yake peke yake, ndipo linapozaliwa lile dubwasha la alama tatu. Ukiona alama hizo, tatizo haliko kwenye tahajia yako. Tulilihifadhi faili upya katika UTF-8, na zaidi ya hapo tukabadili alama zote zilizopinda kuwa zilizonyooka, kwa sababu nyingine nitakayoieleza muda si mrefu.

Kosa jingine lilitokana na mpiga picha, ambaye baada ya manukuu kukamilika aliamua kufupisha utangulizi kwa sekunde sita na kuondoa sekunde kumi na moja za kikohozi na vicheko katika dakika ya saba. Hakutuambia. Manukuu yakawa yanachelewa: mwanzoni kwa sekunde sita, na baada ya dakika ya saba kwa sekunde kumi na saba. Namna ya kutambua kisa cha aina hii ni kupima sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho. Kuchelewa kukiwa kulekule kote, kuna kilichokatwa mwanzoni, na unasogeza muda wote kwa mpigo mmoja. Kukiruka ghafla mahali fulani, kuna kilichokatwa hapo, na unasogeza vipande vya baada yake pekee. Kukiongezeka polepole kuanzia sufuri, basi video na manukuu vimetengenezwa kwa idadi tofauti ya picha kwa sekunde, na kusogeza hakutasaidia. Inabidi muda wote unyooshwe au ubanwe. Letu lilikuwa la kuruka ghafla, tukasogeza mara mbili, likaisha kwa dakika tano. Tangu hapo hakuna anayegusa manukuu kabla video haijafungwa kabisa.

Tulipopakia faili lililosahihishwa, tulidhani la mashine litaondoka lenyewe. Halikuondoka. Mtazamaji aliyebonyeza kitufe cha manukuu aliona machaguo mawili ya Kiswahili, moja likiwa na maelezo kwamba limeandikwa na mashine, na aliyewahi kulichagua hilo mwanzoni aliendelea kuliona. Ilitubidi kuingia kwenye ukurasa wa manukuu wa video na kulifuta lile la mashine kwa mkono. Yeyote anayepakia faili lake anapaswa kuitazama video akiwa nje ya akaunti yake, kwenye simu ya mtu mwingine ikiwezekana, ili aone kile ambacho watu wanakiona.

Sasa nirudi kwenye ile alama ya ng'. Lengo la pili la kazi hii lilikuwa kuyafanya maneno ya video yaweze kutafutwa. Mtu anayeona unga unaodondoka kutoka kwenye gunia lake hatafuti kichwa cha video tulichokibuni sisi. Anaandika "dumuzi" au "Skania mahindi" au "chumvi kwenye chupa". Katika maandishi ya mashine, neno "dumuzi", ambalo bibi shamba analitaja mara 19, lilikuwa limeandikwa sahihi mara tatu tu. "Kinga njaa" halikuwepo hata mara moja. Palikuwa na "kina njaa". Aliyetafuta kwa maneno hayo hakuwa na njia ya kufika, ingawa jibu lake lilikuwa limetamkwa kwa ukamilifu.

Hatukutaka kutegemea jukwaa peke yake, kwa sababu hatuna udhibiti juu ya jinsi linavyoyatumia manukuu katika utafutaji wake. Tuliyatoa maneno kwenye faili na kuyaweka yote chini ya video katika tovuti yetu, kama maandishi ya kawaida ambayo injini yoyote ya utafutaji inaweza kuyasoma. Kuyatoa ni kazi ya mstari mmoja:

```
tr -d '\r' < dumuzi.sw.srt | grep -v -E '^[0-9]+$|-->|^$'
```

Amri hiyo huondoa namba za vipande, mistari ya muda na mistari mitupu. Ina mtego mmoja: kama kuna mstari wa maneno wenye tarakimu tupu, kwa mfano mwaka uliosimama peke yake, nao utaondolewa, kwa hiyo ni vizuri kuhakikisha kwamba tarakimu haiachwi peke yake kwenye mstari. Baada ya hapo tuliyagawa maneno katika aya, na mbele ya kila aya tukaweka kiungo kinachoifungua video mahali hapo. Sekunde ya 312 ndiyo inayoanza na onyo la mahindi yasiyokauka, kwa hiyo kiungo chake kinaishia na `t=312`.

Ndipo tukagundua kwamba maandishi sahihi hayatoshi ikiwa alama zake hazilingani na zile ambazo watu huziandika. Kitafutio cha tovuti yetu kilishindwa kuipata "tukung'ute" ya alama iliyopinda pale mtu alipoandika ya alama iliyonyooka, kwa kuwa kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Ndiyo sababu ya kuzinyoosha zote. Kuna ugumu mwingine usioisha kwa kubadili alama: Kiswahili hubadilisha maneno kuanzia mbele. Mtu anaandika "kukausha mahindi", wakati katika video nzima neno "kukausha" halitajwi. Yapo "tukaushe", "umekausha", "yakikauka" na "yasiyokauka". Kitafutio rahisi kinacholinganisha neno zima hakiyaoni. Katika tovuti yetu tulikifanya kitafute kipande cha neno, ili "kaush" iyakamate ya kwanza mawili, na juu ya kila aya tukaweka kichwa kidogo chenye kitenzi katika umbo la kawaida: kukausha mahindi, kupima unyevu kwa chumvi, kufunga mfuko. Vichwa hivyo havimo kwenye faili la manukuu, kwa sababu manukuu ni maneno yaliyosemwa. Vimo kwenye ukurasa tu.

Kuhusu tafsiri nitasema kidogo. Jukwaa hutafsiri manukuu kwa mashine kwenda lugha nyingine, na tulitegemea kwamba Kiswahili kikisahihishwa, tafsiri nayo itanyooka. Kwa sehemu kubwa ilinyooka. Lakini bibi shamba anasema mahindi yaanikwe kuanzia saa tatu asubuhi, na tafsiri ya Kiingereza ikamwamrisha mkulima aanike saa tisa za usiku, kwa sababu ilihamisha tarakimu bila kuhamisha saa. Kiswahili kilikuwa sahihi kabisa, hakuna cha kusahihisha humo. Dawa ilikuwa kuandika faili la pili la Kiingereza kwa mkono, lenye muda uleule, na kulipakia kando.

Yule kijana tulimtumia video baada ya kumaliza, tukamwomba aitazame upya. Aliuliza jambo moja, na halikuhusu silabi. Alitaka kujua habari za kipande cha 48: hakujua kwamba mdudu huyo anasikika, na kama wanunuzi wenzake wanamtambua kwa sikio, yeye atamtambuaje? Tulimpelekea swali bibi shamba. Akajibu kwamba aweke karatasi nyeupe chini ya gunia na kulipigapiga ubavuni, kisha atazame kama unadondoka unga mwembamba, kwa kuwa dumuzi huacha unga mwingi kuliko wadudu wengine wa ghalani. Jibu hilo halimo kwenye video. Tumeliweka kwenye ukurasa, chini ya aya inayoanza na mkwaruzo.